Ghala limejaa mpunga, je, kampuni ina ukwasi?

"Kaka, kampuni ya zoezi letu inakoboa mpunga Mbarali. Mali za muda mfupi ni mara 2.5 ya madeni ya muda mfupi, na faida halisi ni asilimia 8 kama mwaka jana. Mwenzangu anasema iko vizuri kote kote. Mimi nasita."

Mdogo wangu, nimezipitia hesabu ulizotuma. Anzia na tarehe: mizania imefungwa 30 Juni. Wakati huo pita Igurusi au Ubaruku uone magunia yalivyopangwa. Ndiyo maana kati ya shilingi milioni 600 za mali za muda mfupi, milioni 420 ni mpunga na mchele ulioko ghalani. Wadaiwa ni milioni 150 na taslimu 30 tu. Madeni ya muda mfupi ni milioni 240. Ukwasi ni uwezo wa kulipa madeni yanayoiva karibuni: ukiliweka ghala kando, unagawa 180 kwa 240 na kupata 0.75.

Mwenzako ana hoja. Mpunga hauchakai kama simu za toleo la zamani. Wanunuzi wapo, na kwa kawaida bei hupanda kadiri msimu unavyosogea. Kuutoa wote kwenye hesabu ni ukali kupita kiasi.

Ila soma maelezo yaliyo chini ya mizania. Ndani ya zile 240 kuna mkopo wa benki wa milioni 160 unaoiva Septemba. Sasa chukua 420, gawa kwa gharama ya mauzo ya 900, zidisha kwa 365: mzigo unakaa ghalani siku 170. Nakiri siku hizo zimevimba, kwa kuwa tumepima ghala siku lilipofurika. Kutumia wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka hakusaidii, maana mwanzo wa mwaka nao ni msimu wa mavuno. Hata ukizipunguza kwa theluthi, bado ni karibu miezi minne, na benki inasubiri mitatu. Mimi ningeandika kwamba kampuni haiko karibu kufilisika, lakini huenda ikalazimika kuuza kwa bei ya mavuno ili ilipe benki. Hapo faida ya kungoja inapotea.

Kwenye faida sina mashaka mengi kwamba mwenzako amekosea. Mauzo yamepanda kutoka milioni 1,000 hadi 1,200, lakini faida ghafi imeshuka kutoka asilimia 28 hadi 25: ama mpunga umenunuliwa ghali, ama mchele umeuzwa rahisi. Mbona basi faida halisi haikutikisika? Tazama mstari wa mapato mengine: milioni 24, faida ya kuuza lori kuukuu. Ziondoe kwenye faida halisi ya 96, zinabaki 72, yaani asilimia 6 ya mauzo, kabla ya kurekebisha kodi. Na lori hilo haliuzwi mara mbili.