Wosia haufai kufungiwa kwenye sanduku la benki

Siwapingi wanaokodi sanduku la amana benki. Kwa mtu wa Dodoma mwenye hati za viwanja, zikiwemo zile za miaka 33 za enzi za CDA, na dhahabu kidogo za mama, sanduku lina usalama kuliko bahasha chini ya godoro. Ninachowaomba wazazi wetu ni kimoja: msifungie humo wosia halisi kama sanduku liko kwa jina la mtu mmoja.

Sanduku lina matundu mawili ya funguo. Ufunguo mmoja unao wewe, mwingine uko benki, na hakuna unaofungua peke yake. Unaonyesha kitambulisho, unasaini daftari la kuingia, ofisa anazungusha wa kwake, nawe wa kwako, kisha anakuacha peke yako. Ukipoteza wa kwako, kwa kawaida hakuna nakala: kitasa kinatobolewa mbele ya mashahidi na gharama unalipa wewe. Benki haijui umeweka nini, na karibu kila tatizo la sanduku linaanzia hapo.

Tuseme mzee mstaafu wa Area C amefariki. Mjane wake anao ufunguo na anajua wosia umo humo. Anafika tawini na cheti cha kifo, anaambiwa pole mama, lakini hatuwezi kukufungulia. Hilo linauma, ila ofisa hajakosea. Ndoa peke yake haimfanyi mtu kuwa mpangaji wa sanduku, na saini iliyoko kwenye kadi ni ya marehemu. Mtoto wa kwanza anatoa hati ya uwakilishi aliyopewa na baba akiwa mgonjwa. Nayo haisaidii, kwa sababu uwakilishi wa namna hiyo unakoma aliyeutoa anapofariki.

Benki inataka kuona mtu aliyeteuliwa na mahakama. Mahakama nayo inauliza kama kuna wosia, na nani ametajwa kuusimamia. Jibu limefungiwa sandukuni. Familia inabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuomba amri ya mahakama sanduku lifunguliwe mbele ya ofisa wa benki na kila kilichomo kiorodheshwe. Ya pili ni kukaa kikao cha ukoo, kuandika muhtasari na kuomba usimamizi wa mirathi kana kwamba wosia haupo. Hii ya pili ndiyo ninayoiogopa. Msimamizi anateuliwa, sanduku linafunguliwa, kisha wosia unatoka ukiwa na jina la mtu mwingine, na ndugu wanarudi mahakamani wakiwa hawasemeshani.

Kuwahi sanduku kabla benki haijapata taarifa za msiba ni kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila mamlaka. Daftari la kuingia litaonyesha nani alisaini na siku gani.

Wosia halisi upelekwe RITA, ambao wanatunza wosia, au kwa wakili, na familia ijue uko wapi. Hati na dhahabu zibaki sandukuni, likodiwe kwa majina mawili, na mkataba useme wazi kama mmoja akifariki aliyebaki anaruhusiwa kufungua. Kuruhusiwa kufungua hakumfanyi awe mmiliki wa vilivyomo: bado ni mali ya mirathi.

Sasa vitu vikipotea? Wengi wanadhani Bodi ya Bima ya Amana italipa. Bima ile, yenye kikomo cha shilingi 7,500,000, inahusu fedha zilizo kwenye akaunti. Mkufu wa sandukuni haumo. Kinachobaki ni mkataba, ambao mara nyingi unasema benki imekukodisha nafasi tu. Kwa maoni yangu kipengele hicho hakitoshi kuikinga benki iliyozembea mlango wake. India, ambako Sheria yetu ya Mikataba ina asili yake, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2021 kwamba benki haiwezi kunawa mikono. Tangu Januari 2022, wizi, moto au udanganyifu wa mfanyakazi ukitokea huko kwa uzembe wa benki, inawajibika hadi mara 100 ya kodi ya mwaka. Kodi ikiwa sawa na shilingi 150,000, kikomo kinakuwa milioni 15. Natamani na sisi tuwe na kanuni iliyo wazi hivyo.

Hata hivyo utatakiwa kuthibitisha kilichokuwemo, na benki haikukiona. Piga picha kila kitu, tunza risiti ya sonara, andika orodha yenye tarehe na uiweke nje ya sanduku. Dhahabu ya thamani kubwa ikatie bima yake. Noti usiziweke: mikataba mingi inazikataza, na huwezi kuthibitisha zilikuwa ngapi. Silaha, risasi, vitu vinavyowaka au kuoza, nyara za serikali na madini ghafi yasiyo na kibali havina nafasi humo kabisa.

Kabla ya kusaini, muulize ofisa wa tawi: nikifariki kesho, nani atafunguliwa, na kwa karatasi zipi? Jibu lake liandikwe kwenye mkataba.