Mikwaruzo Usiiuze Mara Mbili

Mwezi uliopita nilimsindikiza shemeji yangu kununua gari, Toyota Fielder ya mwaka 2013, kwa mwalimu mmoja mstaafu kule Lanet, hapa Nakuru. Ripoti ya ukaguzi ilipotoka ilikuwa na mambo 23. Shemeji alitaka kumpelekea mzee yote 23 na kudai apunguziwe 150,000. Nilimkatalia. Nimeona watu wengi wakipoteza gari zuri kwa njia hiyo, na wengine wakilipa zaidi ya walivyostahili kulipa, ilhali ripoti wanayo mkononi.

Kosa linaanza kabla ya ukaguzi. Siku ya kwanza mzee alitaja 990,000. Tukazunguka gari, tukaona mikwaruzo kwenye mlango wa nyuma, taa za mbele zilizofifia na kiti cha dereva kilichochakaa. Tukabishana hadi tukafika 940,000, kisha tukaandika kwenye karatasi kwamba bei hiyo inategemea ukaguzi, na kwamba ile amana ndogo tuliyotoa ingerudishwa tusipoelewana. Maana yake ni kwamba mikwaruzo, taa na kiti vilikuwa vimeshalipiwa. Shilingi 50,000 zilishuka kwa sababu yavyo. Ukirudi na ripoti kisha ukaanza tena na mikwaruzo, unamuuzia mwenye gari kitu kimoja mara mbili, naye hataamini hata yale ya kweli yanayofuata. Kazi ya ripoti ni kutaja yale ambayo nyote wawili hamkuyajua mlipopatana bei.

Kwa hiyo tulikaa na kalamu tukafuta. Kati ya yale 23 yakabaki matatu: shoku za mbele pamoja na bushi, tairi mbili za nyuma, na giaboksi.

Shoku ndiyo hoja rahisi. Ya kushoto ilikuwa imevuja mafuta hadi vumbi likagandamana juu yake kama tope, na bushi za mkono wa chini zilikuwa zimepasuka. Picha ipo, hakuna wa kubisha. Lakini bei ya kurekebisha hatukuichukua kwa fundi aliyekagua. Fundi anayetarajia kupewa hiyo kazi ana sababu ya kuongeza, na muuzaji anajua hivyo. Shemeji alipita kwenye duka la spea, akaomba bei kwa maandishi: shoku pea moja 17,000, bushi 5,500. Ufundi ulikuwa 2,500 na alaimenti 2,000. Jumla 27,000. Shoku hubadilishwa zote mbili za mbele kwa pamoja, la sivyo gari litakaa upande, kwa hiyo kudai pea si ulafi.

Tairi zilikuwa na mvutano zaidi. Siku ya kwanza mzee alituambia, "Hizo za nyuma nimeweka juzi tu." Na kweli meno yalikuwa marefu. Ila ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Zake zilisomeka 0916, yaani wiki ya tisa ya mwaka 2016, na mpira ulikuwa na nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka. Mzee hakudanganya. Aliuziwa tairi kuukuu zenye meno mazuri. Mbili mpya zilikuwa 18,000.

Giaboksi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Gari hili hutumia CVT, ile inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma na puli badala ya gia za kawaida. Likiwa baridi lilienda vizuri. Mkaguzi akalipeleka Kiamunyi na kurudi, kisha akapanda nalo mteremko wa Milimani likiwa limepata moto. Hapo, kwenye mwendo wa kama 40, likaanza kutetemeka kama linapita juu ya rasta za barabarani. Kompyuta ya gari haikuonyesha kosa lolote. Ripoti ikasema: huenda ni mafuta yaliyochoka, huenda ni mkanda wenyewe.

Shemeji alishaulizia giaboksi ya mtumba, akaambiwa 90,000, na ndiyo iliyojaza ule mlima wa 150,000. Lakini kasoro ambayo haijathibitishwa huwezi kuidai kwa bei ya kasoro iliyothibitishwa. Muuzaji atakujibu, "Labda ni mafuta tu," na atakuwa sahihi kama wewe. Wala huwezi kuiacha. Ukiinyamazia, umebeba hasara yote peke yako.

Tulichofanya ni kununua uhakika kwanza. Tulimwomba mzee ruhusa sampo ya giaboksi, lile beseni la mafuta la chini, ifunguliwe mbele yake, mafuta, filta na gasketi vibadilishwe, gharama ya 19,000 tuitoe sisi kwanza. Mle ndani ya sampo kuna sumaku ndogo. Zikiwa na uji laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida. Zikiwa na vipande vya chuma vinavyochoma kidole, mkanda au puli zinakwanguka. Tulikubaliana mapema: vikionekana vipande, tunachukua amana yetu tunaondoka, na ile 19,000 ni hasara yetu. Kwa giaboksi inayojila sikutaka punguzo lolote, kwa sababu hata hiyo ya mtumba ya 90,000 ingekuwa bahati nasibu nyingine.

Fundi alipitisha kidole kwenye sumaku, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Uji mtupu. Mzee mwenyewe aliinama akauangalia. Mafuta mapya yalikuwa yale yaliyoandikwa ya CVT. Ukiweka humo ATF, yale mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, unaua kile unachojaribu kuokoa. Tulirudi Milimani gari likiwa moto, na mtetemo ukawa umeisha.

Ndipo tukaketi kwake barazani. Nilimwambia, "Mwalimu, 940,000 tulikubaliana tukiwa tumeona mikwaruzo, hiyo hatuirudii. Haya matatu hatukuyajua siku ile, sisi wala wewe." Nikampa ukurasa mmoja, wenye picha tatu na risiti za bei, jumla 64,000. Kisha nikanyamaza. Shemeji alitaka kuongeza neno, nikamgusa goti.

Mzee alivaa miwani, akasoma polepole. Shoku akaikubali bila neno. Mafuta ya giaboksi akayakubali, kwa kuwa aliihisi tofauti mwenyewe alipopanda nasi. Kwenye tairi akasema, "Hapa hata mimi niliibiwa, wanangu. Tugawane." Tukagawana, 9,000 kwa 9,000. Zikashuka 55,000, gari likawa 885,000.

Kuna watakaosema tungekaza tungefika 850,000. Sikubaliani nao. Kila shilingi iliyoshuka ilikuwa na jina lake, na ndiyo maana mzee hakuona anaonewa. Aliposoma 27,000 hakuwa na bei ya kubishana nayo, kwa sababu ilikuwa bei ya duka. Tungetaja 90,000 yenye "huenda" ndani yake, angeanza kutilia shaka hata shoku inayovuja machoni pake.

Jioni hiyohiyo waliingia eCitizen wakaanza kuhamisha umiliki, mzee akiniita nimsomee herufi ndogo kwenye simu. Shemeji alibadilisha tairi kesho yake asubuhi.