Protekta ya mama mkwe

Mama mkwe alikuja Tanga kutoka Pangani kutazamwa masikio. Miezi miwili ukimpigia simu anaita tu haloo, haloo, hasikii kitu, ana kwa ana hivyo hivyo unamwambia jambo anakujibu lingine, tukasema basi mama umri umefika. Akaja na simu yake ile ya kioo kilichojikunja pembeni, alirithi kwa mwanawe wa Dubai, protekta imepasuka kona inamchana kidole. Mimi kiherehere nikasema, leteni hapa, dogo hilo.

Nikatia kucha. Haikunyanyuka hata nukta. Kumbe ilikuwa ile ya gundi ya maji, wanaimwaga juu ya kioo, wanalaza protekta halafu wanapiga taa ya zambarau mpaka ikaze. Za kawaida zina gundi kavu, ukipata kona umemaliza, hii imeshika mpaka kwenye mikunjo.

Nikachukua draya ya nywele ya mke wangu, nikapuliza kingo kama dakika mbili kwa moto mdogo, simu ikawa vuguvugu, unaweza kuiwekea kidole bila kukitoa. Hapo nilipatia, gundi ikipata joto inalegea, ila usizidishe maana chini kuna betri. Nikabandika selotepu pana juu nzima ili vipande visiruke, nikaingiza kadi ya benki iliyokufa, nikaisukuma imelala, polepole, nikisikia inakaza napuliza tena. Ukiinyanyua wima unakikunja kioo, na kioo hata kiwe kigumu vipi kukunjwa hakitaki. Robo saa nikaivua nzima imeshikana na selotepu kama ngozi ya kambare. Mama mkwe akapiga makofi.

Ningeishia hapo.

Sasa kupitisha kidole pembeni nikakuta bado kuna ngazi, kaukingo kamezunguka kioo chote. Nikawatangazia kwa sauti ya kifundi kabisa, "Walimbandikia mbili, hawa wezi!" Nikachukua wembe. Mke wangu akaniambia, "Baba Mwajuma, hebu acha, mpelekee fundi." Nikamwambia fundi yupi tena zaidi ya huyu. Nikauzamisha wembe chini ya ule ukingo, nikapindua, ikalia tak! na upande wa chini ukaachama. Nikachungulia nikaona mpaka ndani ya simu kwa pembeni. Jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino.

Nikapanda bajaji mpaka Ngamiani kwa fundi, nimeibana simu kwa vidole viwili kama yai. Akaiangalia, akaniangalia. "Shekhe, hii protekta ya pili umeitoa wapi? Hiki ndo kioo chenyewe, umekibandua kwenye bodi."

Akanionyesha. Ile ngazi ilikuwa gundi ya maji iliyovuja pembeni ikakaukia pale. Akaibonyeza kwa kucha, ikabonyea ikaacha alama. Akahamia katikati akagonga, ti ti ti, kucha haiachi kitu. "Kinachobonyea gundi, kinacholia kioo, basi." Nusu dakika ya kipimo, mimi nimekuja na wembe. Ile gundi yenyewe akaipasha kidogo akaisugua kwa dole gumba ikajikunja nyuzi nyuzi kama ugali uliokaukia mkononi, iliyobaki akaipitia na kitambaa chenye spiriti kidogo, anaiweka kwenye kitambaa haimwagii simu. Nikamuuliza kwa nini asitumie ile ya kufutia rangi ya kucha, akanitazama tena vilevile, akasema ile inakula utelezi wa juu ya kioo, mwezi mmoja tu simu yote alama za vidole.

Mstari wa kijani wa kioo kilichoharibika haukutokea, alhamdulillahi. Akatia gundi mpya kwenye bodi, akaibana na mipira ya noti, akasema ilale hivyo mpaka kesho na ikae mbali na maji, maana ule mkazo wa kiwandani nimeshauua.

Halafu akaimulika kwa juu, pale unapoweka sikio. "Huyu mama anasikia kweli?" Kile kitundu cha spika kimezibwa gundi tupu. Siku wanabandika iliingia mle ikakauka. Akaichokonoa taratibu, akapitisha mswaki mkavu.

Kesho yake asubuhi niko kazini, simu ya mke wangu haipatikani, nikapiga ya mama mkwe. Akapokea, "Haloo?" Mimi kwa mazoea nikajua hasikii, nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, "Sasa huyu bibi naye anaondoka lini, mchele umebaki kibaba."

Simu ikajibu, "Ijumaa, baba. Na jana nilisikia pia ulivyosema huyu siyo mgeni, mpangaji. Masikio yangu hayajawahi kuumwa, ila mnaongea upuuzi sana humu ndani ndo nikawa najibu ninachotaka."