Mwenyekiti Anataka Ile ya Bluu

Kutengeneza bango wala hakuchoshi, jamani. Kinachochosha ni kamati. Ukisikia mtu anasema "fundi, bango zuri sana, ila kuna kitu kidogo tu", jua usiku huo hulali. Hicho kitu kidogo ni jina la mwimbaji likuzwe, rangi ibadilike, na mgeni rasmi apunguzwe kitambi.

Sasa hivi nina kamati ya usiku wa taarabu hapa Temeke. Mwenyekiti anatuma voisi. Katibu anaandika kwa herufi kubwa tupu, utadhani anagombana. Mhazini yeye kimya mpaka pesa itajwe. Juzi Mwenyekiti kanipigia watu tumeshalala: "Kijana, turudishie ile ya bluu." Bluu ipi, mzee? "Si ile nzuri!"

Kuna mafundi wenzangu hapo wangelia. Kompyuta zao zimejaa `bango_mpya`, `bango_mpya_kabisa`, `bango_FINAL`, `bango_FINAL_ya_kweli`. Hayo si majina ya mafaili, ni dua. Mimi yangu yako hivi:

```
taarabu-bango_v03_2025-09-02.pdf
taarabu-bango_v05_2025-09-06.pdf
```

Kazi, toleo, tarehe ya kutumwa. Mwaka unatangulia ili mafaili yajipange yenyewe. Na ile sifuri ya v03 siyo pambo: ukiandika v2 na v10, mahali pengi kompyuta itaweka v10 mbele, maana inasoma ile moja kwanza. Namba inapanda pale tu bango linapotoka kwangu kwenda kwa mteja. Nikihangaika na fonti peke yangu usiku, hiyo ni siri yangu. Na toleo likishatumwa siligusi tena. Nafungua nakala, naipa namba mpya, naendelea kuteseka humo.

Namba hiyohiyo naiandika kwa herufi ndogo pembeni mwa bango, nje ya mstari wa kukata. Kwa nini? Kwa sababu Mwenyekiti hajui jina la faili ni mdudu gani. Yeye anapiga skrinishoti, anazungushia duara jekundu kwa kidole, ananirudishia. Jina la faili limeshapotea njiani, lakini "v05" ipo palepale kwenye kona inanitazama.

Basi nikafungua daftari la marekebisho. Ni jedwali tu: toleo, tarehe, nani kaomba, kaomba nini kwa maneno yake, nimebadilisha nini, kajibu nini. Voisi naisikiliza, naandika, kisha namrudishia kwa maandishi: "Mzee, nimeelewa hivi, sawa?" Akijibu "sawa", nayo naiingiza. Likasema hivi:

v03, Mwenyekiti, "bluu ya mbinguni". v05, Mwenyekiti huyohuyo, "bluu iliyoiva". v06, Katibu, "SIKU IMEBADILIKA", kutoka Ijumaa 19 Septemba kwenda Jumamosi 20 Septemba. v07, Katibu, namba mpya ya simu ya tiketi.

Nikamtumia bluu zote mbili. "Ya tano hiyo! Peleka kiwandani."

Peleka kiwandani! Hapa ndipo watu wanapochapisha msiba. Ile v05 ina bluu tamu, sawa, lakini ndani yake bado ni Ijumaa na simu ya zamani. Anayerudisha toleo la zamani anarudisha na uchafu wake wote. Bila daftari ungekumbuka? Watu wangevaa, wakajipulizia marashi, wakafika Ijumaa wakakuta mlinzi na paka. Kwa hiyo siirudishi v05. Nachukua v07, naipaka bluu ya v05, inakuwa v08. Daftarini naandika: "v08 = v07 + rangi ya v05." Kisha nafungua kalenda nihakikishe tarehe 20 ni Jumamosi kweli, maana kamati hii naijua.

Kiwandani linakwenda lile tu lililoandikiwa "ichapwe" na Mwenyekiti mwenyewe. Nalipa jina `taarabu-bango_v08_CHAPA.pdf`, naiondoa ile namba ya pembeni, naacha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya mashine ya kukata.

Asubuhi Katibu huyo: "MBONA BILI IMEZIDI?" Tulikubaliana raundi mbili za bure, mheshimiwa. Nikamtumia daftari lote, kila ombi na jina la mwombaji. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani bando limemwishia. Halafu akajibu kwa herufi ndogo, mara ya kwanza tangu nimfahamu: "kumbe ni mwenyekiti."

Nikafunga kompyuta nikanywe chai. Simu ikaita. Leo nimeandika daftarini:

v09, Mhazini, "na picha yangu iwepo". Sababu: ndiye anayelipa.