Siri ya mnanasi na mkonge iko usiku

"Mnanasi na mkonge huvumilia ukame kwa sababu majani yake manene yanahifadhi maji." Hiyo ni nusu tu ya habari, kwa sababu kinachookoa maji hasa ni saa ambayo jani linafungua stomata zake, yale matundu madogo ya kupitishia hewa. Mimea mingi huzifungua mchana, jua likiwa kali, na maji hupotea kwa wingi. Hii miwili huzifungua usiku, hewa ikiwa ya baridi na yenye unyevu, ikavuta hewa ukaa na kuihifadhi ndani ya seli kama asidi ya maliki. Kukicha matundu yanafungwa, asidi inavunjwa, hewa ukaa inatoka humo humo ndani na kutengenezwa sukari kwa nguvu ya jua. Kwa kila kilo 1 ya hewa ukaa inayonaswa, mimea ya aina hii hutumia takriban lita 50 hadi 100 za maji. Ngano au mpunga hufika lita 400 hadi 500. Mimi nimewahi kukamua jani la mnanasi alfajiri na jingine jioni juu ya karatasi ya kupimia pH: la alfajiri lilikuwa na asidi kali zaidi, waziwazi. Ila ghala hilo la asidi lina mwisho, likijaa uvutaji unakoma, na usiku wa joto huupunguza pia. Je, kuna aliyepima jani la mkonge baada ya usiku wa joto?