Mteja Akikuandikia `fhdjskfhdj`

Ujumbe uliingia Ijumaa, saa kumi na moja na dakika saba jioni: `fhdjskfhdjsjfkd`. Dakika haijaisha, ukaja wa pili: `JJDKSJFHDJSKS`. Kisha kimya.

Kijana aliyekaa meza ya jirani, akiwa kwenye wiki yake ya kwanza ya huduma kwa wateja, alikuwa keshachagua jibu la tayari: "Ujumbe wako haueleweki. Tafadhali eleza tatizo lako." Nikamwomba asilitume. Kwa miaka sita kazi yangu imekuwa kuwajibu watu ambao programu ya malipo imewagomea, na kwa maoni yangu ujumbe ule ulikuwa unaeleweka kabisa.

Tuanze na herufi zenyewe. Anayepiga kibodi ya kompyuta kwa hasira huangukia mstari wa katikati, maana ndipo vidole vinapokaa, kwa hiyo hutoka kitu kama `asdfghjkl`. Kwenye simu vidole gumba viwili hugonga kwa zamu, kushoto f, d na s, kulia h, j na k, na hicho ndicho tulichokiona. Mtoto aliyeachiwa simu mara nyingi hushikilia herufi moja ikajaa mstari, au hutuma rundo la vikatuni vya nyuso. Simu iliyojibonyeza mfukoni huokota maneno kamili yasiyohusiana, kwa sababu inagusa yale ambayo kibodi inayapendekeza. Halafu kuna zile herufi kubwa za ujumbe wa pili. Kwenye simu nyingi, ili kila herufi iwe kubwa, lazima ugonge kitufe cha herufi kubwa mara mbili. Mtu alisimama katikati ya hasira zake, akagonga mara mbili, akaendelea. Alitaka asikike.

Najua vijana huandika hivyohivyo wakicheka. Lakini kicheko hufuata kichekesho, kwa hiyo herufi peke yake hazitoshi. Lazima uangalie kilichotangulia. Tukafungua kumbukumbu za miamala yake.

Alikuwa akilipa ada ya mtoto, shilingi 180,000. Ndani ya dakika mbili alikuwa amebonyeza "Lipa" mara nne. Ombi la kwanza lilifika kwenye seva, likapokelewa, fedha zikatengwa kwenye akaunti yake, na likabaki linasubiri uthibitisho kutoka benki ya shule. Jibu la kumwambia hivyo halikufika kwenye simu yake. Mtandao ulikatika njiani. Programu ilisubiri sekunde 30, haikusikia kitu, ikamwandikia: "Muamala umeshindikana. Jaribu tena."

Sentensi hiyo ndiyo inayoniuma zaidi katika kazi hii. Programu haikujua kama muamala umeshindikana. Ilichojua ni kwamba haijapata jibu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mama yule aliambiwa ajaribu tena, akajaribu. Programu iliyotengenezwa vizuri, mtu anaporudia malipo yaleyale, hulituma ombi likiwa na namba ileile ya utambulisho, na seva inajua ni jambo lilelile, haikati mara ya pili. Ya kwetu ilitoa namba mpya kila alipobonyeza. Angekuwa na laki saba na ishirini, zote zingeshikiliwa. Kilichomnusuru ni kwamba alikuwa na ya ada tu na chenji kidogo, kwa hiyo ombi la pili, la tatu na la nne yalikataliwa.

Sasa jiweke mahali pake. Skrini ya kwanza inasema malipo yameshindikana. Ya pili inasema: "Salio halitoshi." Ada haikulipwa, na fedha hazipo. Herufi zile zilitumwa sekunde chache baada ya ombi la nne kukataliwa. Kijana wangu alisoma matusi yaliyokosa maneno. Mimi nilisoma hofu, na naamini mara nyingi ndiyo iliyomo: mtu ameona fedha zake zimeliwa na hana wa kumshika shati. Hasira ya kibodi huja pale maneno yanapoonekana hayana wa kuyasikiliza.

Ndiyo maana jibu la "eleza tatizo lako" ni baya. Unamwomba aandike aya mtu ambaye mikono inamtetemeka, wakati maelezo yote unayo mbele yako. "Tulia" nalo silitumii kabisa. Sijawahi kuona aliyetulia kwa kuambiwa atulie.

Nilimwandikia hivi: "Mama, nimekupata. Naona malipo ya ada ya 180,000. Fedha zako hazijapotea, zimeshikiliwa zikisubiri benki ya shule. Usibonyeze tena kwanza. Ni hilo ndilo lililokuandikisha?"

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Nilikitaja kiasi ili ajue kuna mtu anayeiangalia akaunti yake, si mashine inayorusha majibu. Hofu yake niliijibu kabla ya jambo lingine lolote. Nikamzuia asibonyeze tena, kwa sababu kila mbonyezo ungezaa ombi jipya. Nikamalizia kwa swali la ndiyo au hapana, ili kama nimekosea, na kweli ni mtoto aliyekuwa akichezea simu, jibu langu lisimdhuru mtu. Namba ya siri sikuiuliza, wala haiulizwi na mfanyakazi yeyote mkweli. Aliyechanganyikiwa ndiye matapeli wanayemtafuta, na yuko tayari kutaja chochote ilimradi fedha zirudi.

Alijibu: "ndio".

Hapo ndipo nikaandika: "Samahani, kosa ni letu. Programu ilikwambia imeshindikana wakati bado inasubiri." Neno hilo nililichagua kwa makusudi. Kampuni nyingi huandika "pole kwa usumbufu" na kudhani zimeomba radhi. Pole tunampa mgonjwa, mfiwa, hata aliyejikwaa barabarani mbele yetu. Unaposema pole unashiriki machungu ambayo si wewe uliyeyaleta. Ukimkanyaga mtu kisha ukampa pole, atakutazama mara mbili. Kama programu yetu ndiyo iliyomkanyaga, anastahili samahani kwanza, na pole ije baadaye, kwa kile tunachojua kilichomsibu: mtoto ana mtihani Jumatatu na ada ilitakiwa Ijumaa hiyo.

Nikamwambia nitamwandikia tena saa kumi na moja na nusu, niwe na jibu au sina. Ilipofika nusu sikuwa nalo. Nikaandika hivyohivyo: bado, benki ya shule haijathibitisha, narudi baada ya robo saa. Ni vigumu kutuma ujumbe usio na habari mpya, lakini ukimya ndio uliomfikisha kwenye kugonga kibodi, na nisingependa kuurudisha.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane uthibitisho uliingia. Nikamtumia stakabadhi pamoja na namba ya muamala, nikamshauri aipige picha na kuituma shuleni usiku uleule. Akajibu, safari hii kwa maneno: "Asante dada. Nilijua zimeliwa. Samahani kwa zile herufi."

Nikamwandikia kwamba zile herufi ndizo zilizotufanya tuifungue akaunti yake mapema.

Jumatatu nilipeleka ombi kwa mafundi kwamba skrini iandike: "Bado hatujapata jibu. Usilipe tena, tutakujulisha." Maneno wameyabadilisha. Kitufe cha "Lipa" bado kinabonyezeka wakati wa kusubiri, na namba ya ombi bado inatoka mpya kila mara, kwa hiyo kila Ijumaa jioni naendelea kuzisoma herufi hizo.