Kahawa nyeusi, kitambi na kijiko kimoja cha sukari

"Kila asubuhi nakunywa vikombe vitatu vya kahawa nyeusi ili niunguze mafuta, na jioni najipongeza kwa kahawa moja ya baridi yenye karameli. Huu mwezi wa pili, kitambi kiko palepale. Kwani kahawa haiunguzi mafuta?"

Inaunguza, dada yangu, ila kidogo mno kuliko ulivyoambiwa. Tatizo ni kwamba watu wakishaugundua udogo huo, huigeuzia kahawa mgongo na kusema ni uongo mtupu. Hapo naona wanaionea, kwa sababu faida yake ya kweli iko mahali pengine kabisa.

Wanaoisifu hawakuanzia hewani. Kafeini inapoingia mwilini huchochea adrenalini, na adrenalini huziambia seli za mafuta zifungue ghala. Asidi za mafuta humwagika kwenye damu, tayari kutumika. Watafiti wa Uswisi waliopima jambo hili kwa dozi kubwa ya kafeini, matokeo yao yakatoka mwaka 2004, waliona mzunguko huo wa mafuta ukiongezeka maradufu. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yaliyotolewa haikuunguzwa; ilirudi ikahifadhiwa tena. Ni kama mtu anayetoa fedha benki asubuhi, akatembea nazo mfukoni, jioni akaziweka palepale. Mafuta kutoka ghalani ni jambo moja, na kutumika ni jambo jingine. Yanatumika pale misuli inapoyahitaji, na ndiyo maana mwanariadha anayekunywa kahawa saa moja kabla ya mazoezi hufaidika kuliko anayeinywa akiwa amekaa ofisini.

Sasa tupige hesabu. Utafiti wa mwaka 1989 ulionyesha kwamba miligramu 100 za kafeini, yaani takriban kikombe kimoja cha kawaida, hupandisha matumizi ya nishati ya mtu aliyepumzika kwa asilimia 3 hadi 4 kwa muda wa saa mbili na nusu. Chukua mtu ambaye mwili wake, akiwa amelala tu, hutumia kalori 1,500 kwa siku. Kwa saa mbili na nusu hutumia kama 156. Asilimia 3 hadi 4 ya hizo ni kalori 5 au 6. Kikombe chenyewe kina kalori 2 hivi.

Kalori 6. Nimezirudia hesabu hizi mara kadhaa, na bado namba hiyo hunishtua nikiiweka kando ya sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4, sawa na kalori 16. Na nani kwetu husawazisha? Nilichota sukari nyumbani kama nichotavyo siku zote, kilima juu, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 7. Hizo ni kalori 28. Kijiko kimoja cha mkono wangu kimekula kazi ya vikombe vinne na zaidi.

Atakayetetea upande wa pili atasema nimechagua kipimo cha chini, na ana haki. Katika utafiti huohuo, watu wembamba waliopewa miligramu 100 mara sita kwa siku walitumia kalori 150 za ziada, yaani 25 kwa kila dozi. Lakini waliowahi kuwa wanene, kundi linalofanana zaidi na wanaotafuta kupungua, walipata 79 tu, kama 13 kwa dozi. Na miligramu 600 zinazidi zile 400 ambazo kwa kawaida mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizivuke kwa siku. Kwa hiyo hata ukiipimia kahawa kwa ukarimu, bado inashindana na kijiko, na mara nyingi kijiko kinashinda.

Basi kwa nini naitetea? Kwa sababu watu wanaoinywa hivyo hivyo, bila kitu, matokeo yao si mabaya. Singapuri, watu 126 wenye uzito uliozidi walifuatiliwa kwa majuma 24; waliokunywa vikombe vinne vya kahawa kwa siku walipungukiwa mafuta ya mwili kwa asilimia 3.7 hivi ukilinganisha na waliopewa kinywaji cha kuiga kahawa. Si mageuzi makubwa, lakini si sifuri. Na uchambuzi uliochapishwa 2023, wa wauguzi na wahudumu wa afya wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi, ulikuta kila kikombe cha ziada kisicho na sukari kikiendana na nusu ya robo kilo pungufu ya uzito ulioongezeka katika miaka minne, takriban gramu 120. Kijiko kimoja cha sukari kwa siku kiliendana na gramu 90 za ziada. Uchambuzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyosababisha, lakini tazama mizani inavyoelekea: kijiko kimoja karibu kinafuta kikombe kizima. Nguvu ya kahawa nyeusi ni kile isichokuwa nacho. Ikichukua nafasi ya soda au chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, umeokoa mengi kuliko kafeini itakavyounguza kamwe.

Turudi kwenye kikombe chako cha jioni. Juzi nilisimama kaunta ya mkahawa mmoja nikamtazama mhudumu akiandaa kama hicho, karibu nusu lita pamoja na barafu. Alimimina maziwa yenye mafuta yake yote, kama mililita 250: kalori 160. Akabonyeza pampu ya shira mara nne, kila mbonyezo kalori 20: hizo 80. Krimu iliyopigwa juu, kalori 80 hivi. Mwisho akazungusha mchuzi wa karameli, kama kijiko kikubwa kimoja: 50. Jumla 370. Vikombe vyako vitatu vya asubuhi vimekupa 18, au 75 kwa hesabu ya ukarimu. Sukari iliyoongezwa peke yake, kwenye shira na karameli, inakaribia gramu 30, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza ikiwezekana isizidi 25 kwa siku nzima.

Sitaki kukionea kikombe hicho pia. Maziwa yake yana protini na kalsiamu, na aliyekosa chakula cha mchana angeweza kukihesabu kama mlo. Ubaya ni kwamba tumbo halikihesabu. Kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna, na ukifika nyumbani unakula ugali wako kama kawaida. Halafu kafeini ya jioni hukaa: baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo mwilini, na aliyelala vibaya huamka na njaa kali.

Wanywaji wa kahawa chungu vijiweni Mombasa na Unguja nao wasijione wamepona. Kile kikombe kidogo cha kutoka kwenye dele hakina neno, lakini kashata inayoandamana nacho, sukari iliyoshikanishwa na nazi au karanga, ikiwa na gramu 25 hukupa kalori 100 na ushee. Vipande viwili, na umeshavuka nusu ya kikombe cha mkahawani.

Kwa hiyo vile vitatu vya asubuhi endelea navyo, ila kama tumbo linakuchoma usivinywe bila kula. Kile cha jioni kisogeze kiwe cha mchana, na umwambie mhudumu krimu na karameli aache, shira abonyeze mara moja tu. Maziwa 160, shira 20: ni 180, umepunguza zaidi ya nusu. Simama pale kaunta umhesabie, maana mkono umeshazoea nne.